Daladala, dala dala au dala-dala

Mwanafunzi aliyeniletea kazi hii alikuwa anamalizia shahada ya umahiri ya Kiswahili. Msimamizi wake alimrudishia Sura ya Nne ikiwa na maoni ya mstari mmoja tu pembeni: tahajia, vistari na herufi kubwa havina msimamo, rekebisha sura nzima. Hakuonyesha ni wapi. Wasimamizi wengi hufanya hivyo na siwalaumu, maana wao husoma hoja, na mtu anayefuatilia hoja hawezi wakati huohuo kukumbuka kwamba ukurasa wa tano uliopita neno lilikuwa na kistari na hapa halina.

Utafiti wenyewe ulihusu misimu, yaani maneno ya mtaani, ya makondakta wa daladala jijini Dar es Salaam. Mimi nilifundisha Kiswahili sekondari, siku hizi nasoma prufu za tasinifu, na sura za namna hii nazipenda ingawa zina mitego kuliko nyingine. Sura ya mapitio ya maandiko unaweza kuisahihisha ukiwa unakunywa chai. Sura ya data imejaa maneno ambayo hayatakiwi kuguswa kabisa.

"Shikamoo mwalimu," kijana aliniambia kwenye simu. "Nimeshajaribu mwenyewe kubadilisha yote kwa mpigo, ila naona kama nimezidi kuharibu."

Nilipofungua faili niliona alichomaanisha. Alikuwa ameandika "swala" kila mahali alipotaka kusema "suala", akaambiwa na wenzake kwamba swala ni ibada, na pia ni mnyama. Akafungua `Find and Replace` ya Word, akaandika `swala` juu na `suala` chini, akabonyeza `Replace All`. Sehemu kubwa ilikaa vizuri, hata "maswala" yakawa "masuala" bila kuombwa. Lakini katika data yake kulikuwa na kondakta aliyekuwa akimweleza mwenzake siku ya Ijumaa kwa nini gari halijai: watu wengi bado wako kwenye swala. Sasa watu hao walikuwa wako kwenye suala.

Mahali pengine alikuwa ameona kwamba neno "wanalugha" limeandikwa kwa mtengano mara kadhaa, akaunganisha kote. Ikatokea sentensi hii: "Makondakta wanalugha yao ambayo abiria mgeni haielewi." Hapo "wana" ni kitenzi, makondakta wana lugha yao, na haihusiani na wataalamu wa lugha. Hakuna kikagua tahajia kitakachokuonyesha kosa hilo, maana "wanalugha" ni neno halali.

Kutokana na mifano kama hiyo nina kanuni ninayoifuata: kutenganisha maneno kwa mpigo mara nyingi ni salama, kuunganisha ni hatari. Ukiamua kwamba "kwahiyo" na "kwasababu" yaandikwe "kwa hiyo" na "kwa sababu", kama yalivyo kwenye kamusi, unaweza kubadilisha kwa mpigo na usipate hasara, kwa kuwa maumbo yaliyoungana hayana maana nyingine yoyote. Lakini ukitaka "vile vile" ziwe "vilevile", lazima upite moja baada ya nyingine. "Vilevile" kwa maana ya "pia" huandikwa neno moja, ila "vituo vile vile vya zamani" ni kiashiria kilichorudiwa, na wengi hukiandika kwa mtengano. Nikikutana na ya aina hii sibonyezi `Replace All`. Nabonyeza `Find Next`, nasoma sentensi yote, kisha ndiyo naamua.

Kabla ya kugusa neno lolote, hata hivyo, natengeneza karatasi ya maamuzi. Ni jedwali la safu tatu tu: maumbo niliyoyakuta, umbo lililochaguliwa, na sababu. Bila karatasi hii msoma prufu hujikuta ukurasa wa kumi ameamua hivi na ukurasa wa arobaini ameamua vile, na sura inakuwa na wakorofi wawili badala ya mmoja.

Sababu nazipanga kwa ngazi. Wa kwanza kusikilizwa ni mwongozo wa chuo, kama unasema chochote. Ukinyamaza, naenda kwenye Kamusi ya Kiswahili Sanifu au Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA. Kamusi nazo zikiruhusu maumbo mawili, au neno likiwa halimo, naangalia mwandishi mwenyewe ameelemea wapi. Kuhesabu ni rahisi: `Ctrl+F`, andika neno, na upande wa kushoto kompyuta inakuambia limeonekana mara ngapi. Ila hesabu hiyo isomwe kwa tahadhari. Ukitafuta "isimujamii" utahesabiwa na "wanaisimujamii" humohumo, na kama `Track Changes` imewashwa, maneno uliyokwisha kuyafuta bado yamo ndani ya faili na bado yanahesabika. Kwa hiyo mimi huhesabu kwanza, ndipo naanza kusahihisha.

Katika sura hii "isimujamii" ilikuwa mara 31, "isimu jamii" 12 na "isimu-jamii" 7. Hapo hapakuwa na mjadala, mwandishi mwenyewe alikuwa ameshachagua bila kujijua. "Mathalani" na "mathalan" zilikaribia kulingana. Zote mbili hutumiwa na watu wanaojua Kiswahili, na hapo wengine hupoteza jioni nzima wakibishana ipi ni bora. Sibishani. Yeye huandika "takribani" na "hususani", zote zinaishia na irabu, basi "mathalani" inaungana na ndugu zake. Msomaji hasumbuliwi na umbo ulilochagua bali na kukutana na yote mawili kwenye aya moja.

Kuna jingine ambalo halikuhitaji hesabu: "tasnifu" na "tasinifu". Vyuo hutofautiana, na wakati mwingine hata idara mbili za chuo kimoja. Nilimwuliza kijana anitumie kiolezo cha jalada ambacho chuo chake kinatoa. Kilisema "tasinifu", basi kesi ikaishia hapo, japo mimi mwenyewe moyo wangu uko kwenye "tasnifu".

Baada ya karatasi ya maamuzi, kinachofuata ni kulinda yasiyoguswa. Naipitia sura yote haraka na kupaka rangi ya njano, kwa kitufe cha kuangazia, kila nukuu ya moja kwa moja, kila kipande cha maneno ya watoataarifa, na kila jina la kitabu au makala linalotajwa ndani ya matini. Mwandishi wa zamani aliyeandika "isimu jamii" kwenye jina la kitabu chake ana haki ya kubaki hivyo milele. Baadaye, kwenye dirisha la `Find and Replace`, nabonyeza `More`, kisha `Format`, kisha `Highlight` mara mbili mpaka chini ya neno paandikwe `Not Highlight`. Kuanzia hapo kompyuta inatafuta kwenye maneno ya mwandishi tu na kuruka ya njano. Rangi naiondoa mwisho wa kazi. Kama kijana angefanya hivi, wale watu wa Ijumaa wangebaki kwenye swala yao.

Lakini ndani ya njano nako kuna matatizo, na hapa ndipo sura hii ilipokuwa ngumu kweli. Misimu mingi haimo kwenye kamusi. "Deiwaka", yaani mtu anayeshika gari kwa muda badala ya mwenyewe, lilikuwa limeandikwa "deiwaka", "dei waka" na "dewaka". "Buku" na "jero" zilitulia, ila "suka", yaani dereva, kuna mahali liliandikwa "suuka". Msoma prufu asiye mwangalifu atasawazisha yote, na msoma prufu mwoga ataacha yote kwa kisingizio kwamba ni data. Wote wawili wamekosea, kwa sababu kuna swali ambalo jibu lake halimo kwenye karatasi: je, makondakta walitamka tofauti, au mwandishi ndiye aliyeandika tofauti?

Nilimwandikia maoni pembeni kila mahali, nikampigia pia.

"Rudi kwenye rekodi," nikamwambia. "Sikiliza kila mmoja aliyesema neno hili. Yule wa 'dewaka' amesema hivyo kweli, au ulikuwa na usingizi wakati unanukuu?"

Alirudi na jibu ambalo sikulitarajia. "Dei waka" lilikuwa uchovu wake tu, matamshi yake hayakutofautiana na "deiwaka". Lakini "dewaka" lilikuwa la mtoataarifa mmoja ambaye kweli hutamka hivyo, na alilirudia zaidi ya mara moja. Basi "dei waka" tukaifuta kote, na "dewaka" tukaiacha kwenye maneno ya mtu huyo peke yake. Kwenye maelezo ya mwandishi mwenyewe, nje ya nukuu, ikawa "deiwaka" daima, na mara ya kwanza akaongeza sentensi moja kusema kwamba lina matamshi mawili. "Suuka" nayo ilikuwa ya kweli: kondakta alikuwa akiita kwa kuvuta sauti kutoka mlangoni. Mimi ningeshauri uvutaji wa sauti uonyeshwe kwa alama maalumu badala ya kuongeza irabu, ila hilo ni jambo la mbinu ya unukuzi, si la prufu. Nikaandika maoni, nikamwachia yeye na msimamizi wake. Mpaka huo nauheshimu: naweza kusema neno limeandikwa kwa namna mbili, siwezi kumwamulia mtafiti data yake ilisema nini.

Sasa vistari. Kiswahili hakina mahitaji makubwa ya kistari, na maoni yangu ni kwamba wanafunzi hukitumia pale wanapoogopa kuamua kama neno ni moja au mawili. "Dala-dala" ni woga wa namna hiyo. Neno ni "daladala", kama "bodaboda", limeshazoeleka. "Watoa-taarifa" nayo ilikuwepo, pamoja na "watoa taarifa" na "watoataarifa", tukachagua la mwisho kwa sababu limefuata njia ileile ya "isimujamii". Unapoamua kuunganisha jozi moja ya istilahi, angalia na nyingine za aina hiyo ziende pamoja, la sivyo msimamizi atauliza kwa nini hizi zimeungana na zile zimeachana.

Njia yangu ya kuvipata ni kuweka alama ya tiki kwenye `Use wildcards` na kutafuta hivi:

```
[A-Za-z]-[A-Za-z]
```

Hiyo inasimama kwenye kila kistari kilicho katikati ya herufi mbili, uwe umekifikiria au hujakifikiria. Faida yake ni kukuonyesha yale usiyoyajua. Katika sura hii ilinionyesha "kondak-ta" na "ma-tumizi" katikati ya mstari. Hakuna mtu anayeandika hivyo. Kijana alikuwa amenakili aya kutoka kwenye pendekezo lake la utafiti lililokuwa PDF, ambako maneno yalikatwa mwisho wa mstari, na vistari vile vya kukatia vikaja navyo. Ukiona "kondak-ta" moja ujue kuna nyingine jirani, kwa kuwa aya nzima imetoka hukohuko. Utafutaji huo lakini hauvioni vistari vya siri vya Word. Kile kisichoruhusu neno kukatika hutafutwa kwa `^~`, na kile kinachojitokeza mwisho wa mstari tu hutafutwa kwa `^-`. Navitafuta hivyo viwili kando.

Kuna vistari ambavyo ni mali ya uchambuzi na havitakiwi kufutwa hata kimoja. Kijana alikuwa na kijisehemu kinachopasua vitenzi kwa mofimu: a-na-shush-a, wa-me-ja-a. Alikuwa pia ametaja viambishi peke yake, ki- na m-, na -a unganifu. Vyote hivyo navyo nilikuwa nimevipaka njano mwanzoni. Nilichokagua ni kama kistari kipo upande sahihi. Mahali pamoja aliandika "kiambishi awali -ki" na kistari kilitakiwa kiwe nyuma ya ki, maana kiambishi awali hushikamana na kinachofuata. Hilo si suala la sura nzuri, ni maana, na mtahini wa mofolojia angeliona kabla hajaketi.

Kati ya tarakimu mambo ni mepesi. Kurasa "45-52" na "45–52" zilichanganyika kwenye marejeleo ya ndani ya matini. Tulichagua kile kirefu, nikatafuta `[0-9]-[0-9]`, nikazipitia moja moja, kwisha.

Herufi kubwa kwenye vichwa vya vijisehemu niliziacha mwisho, na ndizo zilizochukua muda mfupi kuliko zote, kwa sababu hazihitaji kusoma sura. Fungua `View`, weka tiki kwenye `Navigation Pane`, na vichwa vyote vinakuja kwenye safu moja, mradi mwandishi ametumia mitindo ya `Heading 1`, `Heading 2` na kadhalika. Kijana alikuwa ametumia. Tatizo lilionekana pale pale bila kusogeza ukurasa. 4.2 ilikuwa "Aina za Misimu Ya Makondakta", 4.2.1 "Misimu inayohusu nauli", 4.2.2 "Misimu Inayohusu Abiria", 4.3 "SABABU ZA MATUMIZI YA MISIMU", na 4.3.1 "kuficha siri".

Mwongozo wa chuo chake ulisema jina la sura liwe herufi kubwa zote na ukanyamaza kuhusu ngazi za chini. Nikampa pendekezo naye akalipeleka kwa msimamizi: ngazi ya pili, maneno makuu yaanze kwa herufi kubwa na viunganishi na vihusishi vibaki vidogo, ngazi ya tatu, neno la kwanza tu na majina maalumu. Likakubaliwa. Ila "maneno makuu" ni kauli inayohitaji kufafanuliwa papo hapo, la sivyo ubishi unaanza upya kwenye kichwa cha tatu. Kwenye karatasi ya maamuzi tuliandika yatakayobaki madogo: na, au, kwa, katika, kama, pamoja na ya, wa, za, la, cha, vya na wenzao wote. Kitenzi kirejeshi kama "Inayohusu" kinapata herufi kubwa. Na neno lolote, hata "Katika", likiwa la kwanza linapata kubwa.

Ile "Ya" ya 4.2 ilinifanya nitabasamu, kwa kuwa chanzo chake nakijua. Wengi hubadilisha vichwa kwa `Shift+F3`, ambayo huzungusha maneno uliyoyachagua: madogo yote, makubwa yote, au kila neno herufi kubwa mwanzoni. Haijui kwamba "ya" ni kihusishi. Na ukipitia hatua ya madogo yote, "Kiswahili" linakuwa "kiswahili" na "Dar es Salaam" linapoteza herufi zake. Ndivyo ilivyotokea kwenye 4.4.2, "Misimu na mustakabali wa kiswahili". Vichwa vya sura moja havizidi thelathini, bora kuvichapa upya kwa mkono.

Majina ya majedwali hayaonekani kwenye safu ile. Hayo niliyakagua kwenye Orodha ya Majedwali ya mwanzoni mwa tasinifu, nikakuta "Jedwali 4.1", "Jedwali Na. 4.2" na, ndani ya matini, "jedwali lifuatalo namba 4.2". Tukabaki na "Jedwali 4.2" likiwa na herufi kubwa kila linapofuatwa na namba, na "jedwali" dogo likiwa peke yake. Kanuni hiyohiyo ikaenda kwa "Sura ya Nne": kubwa ikitaja sura fulani, ndogo kwenye "sura hii".

Nilimrudishia faili mbili, moja ikiwa na mabadiliko yote yanaonekana na nyingine safi, pamoja na karatasi ya maamuzi, nikamwambia aipitishe kwenye sura nyingine nne mwenyewe, kwa kuwa Sura ya Nne ikisema "watoataarifa" na ya Tatu ikisema "watoa taarifa" atarudishiwa tena. Nikamkumbusha pia abonyeze kitufe cha kulia cha kipanya juu ya yaliyomo, achague `Update Field`, kisha `Update entire table`. Ukichagua `Update page numbers only`, kurasa zitakuwa sahihi na vichwa vya zamani vitabaki palepale, "kuficha siri" ikiwa na k ndogo kwenye ukurasa ambao mtahini anaufungua kwanza.

Wiki iliyofuata aliniandikia kwamba msimamizi amepitisha, isipokuwa anataka "dewaka" ielezwe kwa tanbihi badala ya ndani ya matini. Nikamjibu atumie maneno yaleyale, ayahamishe tu.